2.0 Hailipi Deni

Wiki hii nimesoma dosie nne za mikopo za wadogo zangu wapyawapya kazini hapa Lubumbashi. Zote nne rasio ya ukwasi wa jumla, yaani mali za muda mfupi ukizigawanya kwa madeni ya muda mfupi, imezungushiwa wino mwekundu, na chini yake mmeandika: "Inazidi 1, mteja ataweza kulipa." Nilicheka, kisha nikakumbuka dosie yangu ya kwanza, kicheko kikaisha. Kaeni niwaambie.

1. Rasio ya jumla inahesabu vilivyopo, haiulizi vitageuka pesa lini. Nilikuwa na miezi mitano kazini nilipopewa dosie ya mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyetaka dola 15,000. Bilansi yake ilikuwa tamu: pesa taslimu 3,000, wateja wanaodaiwa 21,000, stoki 36,000. Jumla 60,000. Upande wa pili madeni ya muda mfupi yalikuwa 30,000. Gawanya: 2.0. Nikatoa stoki, kama nilivyofundishwa, ikabaki 24,000 juu ya 30,000, yaani 0.8, ndiyo rasio ya haraka. Nikajiambia 0.8 ni jirani wa 1. Jirani!

Nilikwenda hadi dukani, msidhani nilikaa ofisini. Depo ilijaa katoni za vigae vya rangi ya waridi hadi darini, zenye vumbi ambalo ungeweza kuandikia jina lako kwa kidole. Nikamuuliza kama vinatoka. Mama wa watu hakunificha kitu: "Hivi? Mtindo wake ulishapita, mwanangu." Tukacheka wote wawili, nami nikaandika stoki 36,000. Vigae peke yake vilikuwa 20,000.

Wateja je? Kati ya zile 21,000, 15,000 zilikuwa faktura moja ya mkandarasi anayefanya kazi za migodini, na faktura hiyo ilikuwa na miezi minane. Sikuomba orodha ya wadaiwa kwa umri. Niliomba jumla tu.

Tena kulikuwa na mkopo wa taasisi nyingine. Bilansi ya OHADA, mfumo wa uhasibu tunaoutumia hapa, inauweka mkopo wa miaka mitatu juu kule, pamoja na rasilimali za kudumu, hata zile awamu za miezi kumi na miwili ijayo. Awamu za mwaka huo zilikuwa 10,000. Zilikuwa kwenye maelezo ya mwisho, karatasi ambayo sikuifungua.

Sasa hesabu upya. Pesa 3,000, wateja wazuri 6,000, simenti na mabati yanayotoka kweli 16,000: jumla 25,000. Madeni 40,000. Rasio ya jumla ni 0.63 hivi. Ya haraka, 9,000 juu ya 40,000, haifiki hata robo. Komite ya krediti ilinisikiliza nikiitetea ile 2.0 kama wakili, ikakubali. Mama akalipa wasambazaji wake kwa pesa zetu, awamu tatu akazileta, ya nne hakuileta. Mimi ndiye niliyetumwa kumdai. Alinikaribisha chai.

2. Msikimbilie upande wa pili sasa, mkawakataa wote wenye rasio ya haraka ndogo. Nina papa mmoja anayeuza unga wa mahindi unaopitia mpakani Kasumbalesa. Rasio yake ya haraka ni 0.3, na ya jumla inaizidi 1 kidogo tu. Mwaka wa tatu sasa hajachelewa hata siku moja, kwa sababu unga wake unaisha ndani ya wiki na msambazaji anampa siku thelathini. Anauza mzigo mara nne kabla ya kuulipia. Gawanyeni stoki kwa gharama ya mauzo ya mwaka, mzidishe kwa 365, mpate siku. Vigae vya yule mama vingetoa siku zaidi ya elfu.

3. Tarehe ya bilansi inaweza kupambwa. Mwenye mali za muda mfupi 30,000 na madeni 20,000 ana 1.5. Akilipa madeni 10,000 tarehe 30 Desemba, atabaki na 20,000 juu ya 10,000, na kesho yake ana 2.0. Hakuna uongo, ila kasha limekauka. Ombeni relevé ya akaunti ya benki na ya pesa za simu, ya miezi sita.

4. Dekuveri ya benki, yaani pesa mteja alizotoa kupita salio lake, inakaa chini kabisa ya bilansi, nje ya madeni mengine ya muda mfupi. Iongezeni.

Hivyo vigae, nilinunua katoni kumi na nne kwa aibu. Choo changu kina rangi ya waridi hadi leo, na mke wangu ameshaacha kuuliza. Dosie zenu nne ziko mezani kwangu. Mje kuzichukua kabla ya saa tisa, kila mmoja arudi na orodha ya wadaiwa kwa umri, na awe ameshika katoni kwa mkono wake.