Umati wa sokoni nyuma ya mhusika

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa filamu fupi Bagamoyo. Binti anamtafuta kaka yake pale soko la samaki. Nataka watu waonekane nyuma yake bila kumfunika. Niwaelezeje kwenye skripti, na mpiga picha nimwambie nini?

Jibu: Marahaba. Kwenye skripti umati unatosha sentensi moja, nayo iseme kazi na mwendo: "Nyuma yake mnada umepamba moto, wabeba matenga wanapishana na wanunuzi." Usiandike kwamba kuna mzee mwenye kofia ya kiua aliyeshika jodari. Ukishamvika mtu kofia, mpiga picha atamtafutia nafasi, na msomaji atangoja arudi. Maelezo ya karibu mwachie binti: anavyokaza fundo la kanga, macho yake yanavyoruka kila anapoitwa mwanamume.

Mpiga picha mpe umbali. Kumwambia "wafifishe" hakutoshi. Tuseme mna lenzi ya 50mm kwenye kamera ya fulu-fremu, tundu f/2, na binti yuko mita 2. Watu wakiwa mita 4 kutoka kwenye kamera, ukungu unakula kama sehemu moja ya tisa tu ya urefu wa uso, kwa hiyo jirani yao atawatambua. Wasogeze hadi mita 12 na ukungu unafikia zaidi ya nusu ya uso: utaona soko limejaa, lakini humjui mtu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kununua lenzi nyingine, mtoe binti mbele, mbali na meza za samaki.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni jua. Saa sita mchana, kwa ISO 100 na shata 1/50, kamera itataka tundu karibu f/22, na hapo kila sura ya nyuma inarudi. Mkiiacha kwenye oto, italibana tundu yenyewe bila kuwaambia. Fungeni kichujio cha ND128, ambacho kinapunguza mwanga hatua saba na kuwarudisha f/2. Kama hamna, pigeni asubuhi na mapema, tena kivulini, ingawa hata hapo huenda kichujio chepesi kikahitajika.

Jambo la mwisho ni rangi, kwa sababu ukungu hauizimi. Beseni jekundu au kanzu nyeupe ikipigwa na jua itavuta jicho hata ikiwa haina umbo. Waigizaji wa ziada wavae rangi zilizopoa, na rangi kali abaki nayo binti. Waambie wapite nyuma yake wakielekea pande zote mbili, mwendo wa kawaida, wasisimame usawa wa kichwa chake wala wasiangalie kamera. Kisha simamisha picha kwenye skrini: ukiweza kusema yule wa nyuma ni nani, msogeze mbali zaidi mrudie.