Mwalimu anaomba kazi ya wingu: eleza hitilafu moja, achana na orodha

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ya usaidizi wa huduma za wingu, ngazi ya chini kabisa, ilianza hivi: "Mimi ni mwalimu wa hisabati mwenye uzoefu wa miaka 9 na nina shauku kubwa ya teknolojia." Aya ya pili ilikuwa orodha tupu: Linux, Docker, Nginx, Terraform, mitandao, skripti. Niliituma sehemu 14, hakuna aliyejibu. Nilipoisoma tena baadaye nikaona kosa ambalo kwa mwanafunzi ningelizungushia wino mwekundu: jibu limeandikwa, njia haionekani.

Anayesoma barua za nafasi hizi anataka kujua jambo moja. Mteja akisema tu "haifanyi kazi", huyu mtu ataanzia wapi? Orodha ya zana haimwambii. Basi nikaifuta yote, nikachagua hitilafu moja iliyonitesa kwenye maabara yangu ya nyumbani na kuiandika jinsi ilivyokuwa.

Maabara yenyewe si ya kujivunia. Ni laptopu kuukuu yenye mashine pepe mbili. Ya kwanza ina tovuti nne ndogo; ya pili ina skripti inayozipigia hodi zote nne kila dakika na kuandika majibu kwenye diski ndogo ya GB 2. Kila jibu nililiwekea faili lake. Ndiyo, ni wazo baya, na ndilo lililokuja kunifaa.

Siku ya 23 skripti ikagoma na ujumbe `No space left on device`. Nikaangalia diski kwa `df -h`, na theluthi mbili nzima ilikuwa tupu. Nikaizima mashine na kuiwasha, hali ikawa ile ile. Jioni nzima nikaipoteza nikishuku ruhusa za mafaili, ingawa ukweli ni kwamba ruhusa zikikataa ujumbe huwa mwingine, `Permission denied`. Kumbe nilikuwa nimeusoma ujumbe kwa haraka kama mwanafunzi anayeruka swali. Mwisho nikajaribu hii:

```
$ df -i /data
Filesystem  Inodes  IUsed IFree IUse% Mounted on
/dev/vdb1   131072 131072     0  100% /data
```

Kwenye mfumo wa ext4 kila faili huhitaji inodi, kitu kama kadi inayoandika mmiliki wa faili, ukubwa wake na mahali data yake ilipo. Idadi ya kadi hupangwa siku diski inapoumbizwa, na kwa mipangilio ya kawaida ni moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya GB 2 hupata 131,072. Skripti yangu ilikuwa inatumia kadi 5,760 kwa siku. Gawanya, utaiona siku ya 23 mwenyewe. Mafaili yalikuwa madogo mno, kila moja likishika kilobaiti 4 tu, kwa hiyo yote kwa pamoja hayakufikisha hata theluthi ya diski. Nafasi ilikuwepo, kadi ndizo zilizokwisha.

Kwenye barua mpya, kisa hicho kilichukua aya moja:

"Kwenye maabara yangu ya nyumbani, skripti ya ufuatiliaji ilisimama kwa ujumbe kwamba diski imejaa, ilhali theluthi mbili zilikuwa tupu. Nilishuku ruhusa kwanza, nikakosea. Amri `df -i` ilionyesha kuwa inodi zimekwisha: skripti ilikuwa inaunda mafaili 5,760 kwa siku. Nilifuta yaliyozidi siku 7, nikabadilisha skripti iandike faili moja kwa siku, na nikaweka tahadhari inayolia matumizi ya inodi yakifika asilimia 80. Kuongeza ukubwa wa diski kungeleta inodi zaidi, lakini kungeahirisha tatizo tu."

Sentensi ya pili nusura niifute. Nani anakiri kosa kwenye barua ya kazi? Nikaiacha, kwa sababu bila hiyo aya inasomeka kama imenakiliwa mahali. Sentensi ya mwisho nayo ndiyo inayoihamisha laptopu yangu kuipeleka kwenye wingu. Mteja wa wingu anaweza kuongeza diski kwa kubofya mara chache na kulipia kila mwezi, na wiki kadhaa baadaye akarudi na kilio kile kile. Anayekuajiri anataka mtu atakayemuuliza mteja huyo swali kabla hajabofya.

Ualimu nikaubakizia sentensi mbili. Hapo awali ulijaza nusu ya barua, pamoja na ule msemo wa "ujuzi wa mawasiliano" ambao kila mtu anao kwenye karatasi. Safari hii niliandika: "Darasani, wanafunzi 9 walipoandika kuwa -3² ni 9, sikusahihisha majibu 9; nilitafuta kosa moja. Niliwaomba wasome hesabu kwa sauti, nikasikia kuwa wote wanaisoma kana kwamba ina mabano." Sikueleza uhusiano wake na kazi ya usaidizi. Anayepokea malalamiko 9 yanayofanana asubuhi moja ataelewa bila kutafsiriwa.

Kuna la kuongeza kuhusu ukweli. Maabara ya nyumbani haina mteja anayesubiri, wala hasara ya saa moja ikizimika. Usiiite "mazingira ya uzalishaji", maana utaulizwa ilihudumia watu wangapi, nawe jibu lako ni mmoja, tena ni wewe. Nilikiri wazi kwamba sijawahi kushika zamu ya usiku wala kushughulikia akaunti ya kampuni. Barua nzima ilikuwa na maneno kama 300.

Ukiweka kiungo cha kazi zako, kagua kwanza kama hujaacha nenosiri au ufunguo wa akaunti ya wingu ndani yake. Mimi niliukuta mmoja. Kuufuta kwenye toleo la mwisho hakutoshi, kwa sababu Git, programu inayotunza matoleo ya kazi, huhifadhi historia yote. Ufunguo wenyewe lazima ubatilishwe na utolewe mwingine. (Hilo nalo ni kisa cha kuandika, ila si kwenye barua ya kwanza.)

Barua hiyo niliituma sehemu tano, na mbili zikaniita. Kwenye usaili wa pili, fundi aliyenihoji alikuwa ameipigia mstari ile aya ya inodi. Hakuniuliza inodi ni nini. Aliuliza, "Hayo mafaili uliyafutaje?"

Nikamwambia nilianza na `rm *`, ikanijibu `Argument list too long`, kwa sababu ganda la amri hugeuza ile nyota kuwa majina yote ya mafaili, na majina zaidi ya laki moja hayaingii kwenye amri moja. Kisha nikamwandikia ubaoni iliyofanya kazi:

```
find /data -type f -mtime +7 -delete
```

Akaniuliza kwa nini nimeweka `-delete` mwishoni. Nikamjibu kwamba `find` husoma masharti kwa mpangilio, hivyo ningeitanguliza ingefuta kila faili kabla ya kuuliza umri wake. Akauliza hilo nalo nililijuaje. Nikamwambia, kwa mafaili ya mazoezi, na tukaendelea na swali la mitandao, ambalo nililijibu nusu.