Chagua Eneo Kabla ya Kupiga: Kwa Nini Sikubali Picha ya Skrini Iliyokatwa Ndani ya Waraka

Msomaji mmoja ameniandikia, kwa ukali kidogo, akitaka kujua kwa nini ninakazania sana kuchagua eneo la skrini kabla ya kupiga picha, ilhali yeye hupiga skrini nzima, huikata baadaye, na hupata picha ileile. Ninaanza kwa kumkubalia: kwa macho, picha ni ileile. Eneo lenye upana wa pikseli 640 na kimo cha 360 lina pikseli zilezile, ukilichagua mwanzoni au ukilikata mwishoni, na wanaodai kwamba kuchagua eneo huifanya picha iwe kali zaidi wanakosea. Ukitaka maandishi madogo yasomeke, yakuze kwanza katika kivinjari kwa kubonyeza Ctrl pamoja na alama ya +, kisha ndipo upige. Tofauti ninayoisisitiza haiko katika kile unachokiona. Iko katika kile kinachosafiri pamoja na picha bila wewe kukiona.

Nilijifunza jambo hili kwa uchungu, na sikuwa mimi niliyepiga picha hiyo. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani, mwenzangu mmoja alipewa jukumu la kuandika mwongozo wa mfumo mpya wa kuingiza hesabu. Alikuwa mtu makini, tena mwepesi wa kazi, na mwongozo wake ulipendeza: kila hatua ilikuwa na picha yake, na kila picha ilionyesha kidirisha kimoja tu katikati ya ukurasa. Alichokuwa akifanya ni kupiga skrini nzima, kuibandika ndani ya waraka, kisha kuvuta kingo za picha hadi kibaki kidirisha alichokihitaji. Siku aliyopiga picha mojawapo, mazungumzo yetu yalikuwa wazi upande wa kulia wa skrini yake, na humo nilikuwa nimemwandikia, kwa siri ya watu wawili, kwamba nilikuwa ninatafuta kazi kwingine, pamoja na sababu zangu.

Mwongozo ulitumwa kwa idara nzima. Mtu mmoja aliona picha hiyo ni ndogo mno, akaibofya ili aikuze, akagusa kitufe cha kukata, na skrini nzima ikafunguka mbele yake, maneno yangu yakiwa humo. Sitasimulia yaliyofuata, ila nitasema kwamba nililazimika kujieleza kwa watu ambao sikuwa nimewaandikia chochote. Mwenzangu aliniomba radhi na nilimsamehe. Hata hivyo, mpaka leo, nikipokea waraka wenye picha za skrini, jambo la kwanza ninalofanya ni kubofya picha na kutazama kama kuna kitu nyuma yake. Mara nyingi mno kinakuwapo.

Tuchukue hesabu rahisi ili ieleweke kinachotokea. Skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 inaweza kugawanywa katika maeneo tisa yaliyo sawa, kila moja likiwa na pikseli 640 kwa 360. Ukikihitaji kidirisha kinachokaa katika eneo la katikati, ukabandika skrini nzima ndani ya Word na kuikata humo, msomaji ataona sehemu moja ya tisa, na zile nane zilizobaki zitakuwa zimefunikwa tu kama dirisha lililovutiwa pazia. Programu haifuti kitu. Huandika tu kando ya picha kwamba theluthi moja ya kila upande isionyeshwe, na maandishi yenyewe ndani ya faili huwa hivi:

```
<a:srcRect l="33333" t="33333" r="33333" b="33333"/>
```

Herufi hizo ni kushoto, juu, kulia na chini, na namba ni asilimia iliyozidishwa kwa elfu moja, yaani asilimia 33.333. Asiyeamini anaweza kujihakikishia mwenyewe. Tengeneza nakala ya waraka wako, badilisha mwisho wa jina lake kutoka `.docx` kuwa `.zip`, uifungue, kisha uingie katika folda ya `word` na ndani yake `media`. Picha utakayoikuta humo ni skrini nzima, pamoja na saa, vichupo, arifa na kila kilichokuwa wazi wakati ule.

Ipo njia ya kuokoa waraka uliokwisha kuandikwa. Bofya picha, nenda kwenye Picture Format, chagua Compress Pictures, weka alama kwenye Delete cropped areas of pictures, na uondoe alama kwenye Apply only to this picture ili amri iguse picha zote. Kisha hifadhi waraka na urudie ukaguzi wa folda ya `media`. Ninaieleza njia hii kwa sababu inafaa, lakini siipendi, kwa kuwa inategemea ukumbuke kuitumia kila mara, hata siku ile unayotuma waraka ukiwa na haraka. Aliyechagua eneo kabla ya kupiga hana cha kukumbuka, kwa sababu zile sehemu nane hazikuingia katika faili tangu mwanzo.

Na kuchagua eneo si kazi. Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Shift na S. Skrini itafifia na kuganda, nawe utavuta kipanya kutoka pembe moja hadi nyingine. Picha itaingia kwenye ubao wa kunakili, tayari kubandikwa. Katika Mac, bonyeza Shift, Command na 4. Kishale kitageuka msalaba, na unapovuta utaona upana na kimo cha eneo vikibadilika kando yake. Ukigundua umeanzia mahali pasipofaa, usiachie kipanya. Shikilia kitufe kirefu cha nafasi, na eneo zima litasogea bila kubadilika ukubwa. Katika mifumo yote miwili, Esc hufuta jaribio. Nimewafundisha watu wengi njia hii, wakiwamo waliokuwa wakiamini kwamba hawawezi kubadilika, na sijamwona hata mmoja aliyerudi kwenye mtindo wa zamani.

Najua jibu linalokuja: "Mimi sikati ndani ya waraka, nakata katika programu ya picha na kuhifadhi, kwa hiyo niko salama." Kwa kawaida ni kweli. Ukikata kwa Paint na kuhifadhi, pikseli za nje hutupwa. Hata hivyo, mwezi Machi mwaka 2023 ilidhihirika kwamba hata hapo usalama ulitegemea mwandishi wa programu kufanya kazi yake barabara. Watafiti Simon Aarons na David Buchanan walionyesha kwamba kihariri cha picha za skrini katika simu za Pixel kilikuwa kikiandika picha iliyokatwa juu ya faili la zamani bila kulifupisha faili hilo. Picha mpya, kwa kuwa ni ndogo, ilijaza mwanzo tu, na mkia wa picha ya zamani ukabaki palepale. Vitazamaji vya picha huacha kusoma vinapofika mwisho wa picha mpya, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu, lakini sehemu kubwa ya picha ya zamani iliweza kufufuliwa. Siku chache baadaye kasoro ya aina hiyohiyo ilionekana katika Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10. Kasoro hizo zilirekebishwa mwezi huohuo, lakini marekebisho hayaligusi faili lililokwisha kutumwa.

Tazama ni nani aliyeathirika upande wa Windows: ni yule aliyehifadhi picha, akaifungua, akaikata, na kuihifadhi tena kwa jina lilelile. Aliyechagua eneo na kuhifadhi faili jipya hakuwa na mkia wowote wa kuacha. Ukiwa na picha za zamani unazozitilia shaka, linganisha ukubwa wa faili: picha uliyoikata hadi sehemu moja ya tisa, ikiwa bado ina uzito uleule wa skrini nzima, inabeba kitu. Anayejua kusoma baiti atazame mwisho wa faili la PNG, ambao unapaswa kuwa huu, bila chochote baada yake:

```
49 45 4E 44 AE 42 60 82
```

Je, kupiga skrini nzima hakuna nafasi kabisa? Ipo, na ningekuwa mkaidi nikikataa. Unapopiga picha ya hitilafu ambayo huenda isirudi, chukua skrini nzima, kwa sababu hujui bado ni saa, anwani au ujumbe gani utakaomsaidia fundi. Vivyo hivyo kwa menyu ambazo hujifunga mara tu unapogusa kitufe kingine. Kwa hizo, Snipping Tool ina chaguo la kuchelewesha kwa sekunde 3, 5 au 10, nawe unaifungua menyu wakati muda unahesabiwa. Lakini hiyo picha nzima ibaki kwako. Kinachotoka kwenda kwa watu kiwe faili jipya lenye jina lake, lililokatwa kabla ya kubandikwa. Hili ninalisema kwa msisitizo kwa sababu skrini yako haina mambo yako peke yako. Ina majina ya waliokuandikia, ina salio la mteja, ina swali la siri la rafiki, na hao hawakukupa ruhusa ya kuwasambaza. Usiseme huna cha kuficha. Wao wanacho, na wewe ndiye uliyeshika kipanya.

Kwa simu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa simu nyingi hupiga skrini nzima kwanza. Katika iPhone, picha uliyoikata ndani ya Photos huhifadhi asili yake, na kitufe cha Revert huirudisha yote. Hilo ni jema ikiwa picha iko mikononi mwako, na si jema ukimpa mtu simu au ukituma picha pamoja na data zake zote. Njia ninayoitumia mimi haina ustadi wowote: ninafungua picha ya kwanza, ninaikuza kwa vidole viwili mpaka sehemu ninayoitaka ijaze skrini, ninasubiri vitufe vya pembeni vifichike, kisha ninapiga skrini upya na kutuma hiyo ya pili. Maandishi hulegea kidogo na ukali hupungua. Lakini faili la pili limezaliwa na kile kilichokuwa mbele ya macho yangu tu, na la kwanza ninalifuta, kisha ninaingia kwenye folda ya vilivyofutwa hivi karibuni na kulifuta tena huko.