Mchele wa Kyela, mfuko wa jina langu

"Mwenye mashine Kyela atanifungia kilo 5 kwa jina langu. Niite Kyela Rice, nembo iwe ya Ziwa Nyasa?"

Nembo sawa, jina hapana. Kyela ni mahali na "rice" ni bidhaa yenyewe, kwa hiyo wasajili wa BRELA hawatakupa neno hilo uwe nalo peke yako. Tafuta neno la kubuni, "mchele wa Kyela" liandikwe dogo chini yake. Mifuko ya kuchapwa iache kwanza, kiwanda kitataka oda kubwa. Chukua mifuko myeupe ya huyo mwenye mashine, ubandike stika kabla ya kujaza. Mimi nilibandika baada ya kujaza, vumbi la pumba likazibandua zote kabla mzigo haujafika Mbeya mjini.

– Mbona mimi wa Iringa nina jina la biashara BRELA na sisumbuliwi?

Hilo ni jina la biashara, kaka. Neno la kuwa nalo peke yako ni alama ya biashara, nayo husajiliwa kivyake, miaka 7 ya mwanzo. Na dada wa mchele, TBS wa viwango pia wanahusika, pitia SIDO wa viwanda vidogo.

– Asali nayo inahitaji TBS?