Kabla Hujalipia Lenzi za Kuzuia Mwanga wa Bluu

Siku hizi ukiingia duka la miwani, uwezekano ni mkubwa kwamba muuzaji atakuambia lenzi za kuzuia mwanga wa bluu zitakuondolea uchovu wa macho wa skrini na kukusaidia kulala, kisha atatoa kalamu ndogo yenye mwanga wa zambarau na kukufanyia onyesho. Anamulika kadi, doa linang'aa. Anaweka lenzi ya kawaida katikati, doa bado lipo. Anaweka lenzi ya kuzuia mwanga wa bluu, doa linapotea. Mteja anaguna, kisha anaongeza hela. Nimekuwa fundi wa lenzi hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na kalamu hiyo ipo kwenye droo yangu pia. Onyesho lenyewe si mazingaombwe, doa linakatwa kweli. Ila mwanga unaokatwa pale sio ule unaotoka kwenye skrini yako.

Rangi za mwanga hupimwa kwa nanomita. Nyingi ya kalamu hizo hutoa mwanga wa nanomita 405 hivi, ambao ni zambarau, pembezoni kabisa mwa kile jicho linachoweza kuona. Skrini ya simu au kompyuta karibu haitoi kabisa mwanga huo; bluu yake iko zaidi karibu na 450. Na zile chembe za nyuma ya jicho zinazouambia ubongo kwamba bado ni mchana huitikia zaidi mwanga wa karibu na 480. Lenzi za kuzuia bluu tunazouza, zile zinazoonekana nyeupe, huzuia vizuri kile kipande cha zambarau, lakini bluu yenyewe hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 25 tu kwa kawaida.

Huhitaji kifaa kulithibitisha. Shika miwani, tazama karatasi nyeupe kupitia lenzi. Karatasi ikibaki nyeupe, au ikawa na umanjano kidogo tu, ujue bluu nyingi inapita. Lenzi inayozuia bluu kwelikweli huifanya karatasi iwe rangi ya chungwa.

Mwaka 2023, shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya kitabibu na kuyapima kwa pamoja, lilitoa mapitio ya majaribio 17 ya lenzi hizi. Matokeo yake: kwa watu wanaotumia kompyuta, huenda hazipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Kuhusu usingizi, majaribio yalipingana. Kuhusu kulinda retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, isiharibike, hakukuwa na jaribio hata moja lililopima. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani nacho hakipendekezi miwani maalumu ya kompyuta ya aina hii.

Basi macho yanachoma kwa nini? Mara nyingi kwa sababu yanakauka. Mtu akikaa anaongea na wenzake hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikazia skrini, idadi hiyo hushuka hata chini ya nusu, na nyingi kati ya hizo ni nusu kope, hazifungi mpaka chini. Machozi yanaisha juu ya jicho kabla hayajasambazwa upya. Ongeza kiyoyozi kinachopuliza usoni, na mchanga unaousikia machoni saa tisa alasiri hauna tena siri.

Kuna mama mmoja, mhasibu, wa miaka arobaini na kitu, alikuja dukani akitaka lenzi za bluu. Kila mwisho wa mwezi macho yanawaka, shingo inauma, usiku halali. Nilimuuliza, "Mama, kompyuta yako iko umbali gani na uso?" Akanyoosha mkono: kama sentimita 65. Miwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya kusomea, aliyonunua barabarani, namba +2.50. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Chukua 100 ugawe kwa namba ya lenzi ya kusomea, unapata kwa sentimita mwisho wa umbali ambao mtu anayeona mbali vizuri ataona sawasawa akiivaa. Mia gawa kwa mbili na nusu ni 40. Kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 40 kwake kilikuwa ukungu, kwa hiyo siku nzima alikuwa ameinama kuifuata skrini.

Mpimaji wetu alimpima, kuona mbali kulikuwa sawa, tukamkatia +1.50, ambayo mwisho wake ni kama sentimita 67. Lenzi za kawaida kabisa. Nikamwambia ageuze mabawa ya kiyoyozi yasimpulize, na ashushe skrini mpaka ukingo wake wa juu uwe chini kidogo ya usawa wa macho. Ukitazama chini, kope hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho na machozi hayakauki upesi. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, akipepesa kwa makusudi, kope zikutane. Matone ya machozi ya bandia kutoka famasi yanafaa pia. Yale ya kung'arisha macho mekundu siyapendi, kwa sababu ukiyazoea wekundu hurudi ukiyaacha. Aliporudi kurekebisha fremu, macho na shingo vilikuwa vimetulia. Usingizi bado.

Usingizi una habari yake. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walilinganisha watu waliosoma kwenye tableti kwa saa nne kabla ya kulala na waliosoma kitabu cha karatasi. Wa tableti walichelewa kusinzia kwa takriban dakika 10. Saa nne, mwangaza ukiwa juu kabisa, na tofauti ndiyo hiyo. Watafiti wa Uppsala, Uswidi, mwaka 2016 waliwaweka watu kwenye mwanga mkali mchana, kisha wakawapa tableti jioni. Melatonini, homoni ya usiku, haikuonyesha tofauti na wasomaji wa kitabu. Kumbe huenda jicho lililoshiba mwanga mchana halitishwi kirahisi na skrini usiku.

Yule mama alikuwa akitoka nyumbani alfajiri, anashinda ofisini pazia limefungwa, anarudi giza limeingia, kisha anamalizia hesabu mezani chini ya taa nyeupe ya dari. Taa hiyo inaweza kumwagia jicho mwanga mwingi kuliko simu. Ushauri ulikuwa kula chakula cha mchana nje, hata kivulini, maana kivuli cha Dar mchana kina mwanga mara nyingi zaidi ya ofisi. Na kuanzia saa mbili au tatu usiku azime taa ya dari, atumie taa ndogo ya mwanga wa njano, apunguze mwangaza wa skrini. Hesabu zenyewe ziishe saa moja kabla ya kulala, kwa sababu deni lisilolingana humweka mtu macho hata gizani.

Miwani ya rangi ya chungwa je? Hiyo ina mantiki zaidi, na majaribio madogo kwa watu wenye shida ya usingizi, wakiivaa saa mbili za mwisho kabla ya kulala, yametoa matokeo mazuri. Ukitaka kuijaribu, ivae nyumbani tu. Usiendeshe gari nayo usiku, inapunguza mwanga unaokufikia na kuvuruga rangi.

Na ukiona miale ya ghafla, pazia jeusi upande mmoja, au jicho moja linauma na kuona kunafifia, usije dukani kwetu. Nenda moja kwa moja kwa daktari wa macho, siku hiyo hiyo.