Picha zimetoweka baada ya "Free up space": tafuta kwanza akaunti

*"Wakuu naombeni msaada. Simu iligoma kupiga picha, ikasema nafasi imejaa. Nikaingia Google Photos, nikabonyeza Free up space, ikaondoa picha kama 1,400. Sasa galari ina picha za juzi tu, za mazishi ya baba sizioni hata moja. Kuna programu ya kuzirudisha?"*

Pole sana ndugu yangu. Programu ya kurudisha picha usiipakue kwanza. Kitufe hicho huondoa kwenye simu zile picha tu ambazo zimekwisha kupandishwa kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo nakala zake zipo. Galari ya simu husoma mafaili yaliyomo ndani ya simu peke yake, ndiyo maana haikuonyeshi kitu. Washa data, fungua Google Photos yenyewe, ushuke hadi tarehe za mazishi. Ukiigusa picha kisha ukakuta neno Download kwenye vidoti vitatu, ujue iko kwenye akaunti na simuni haimo.

Usipoziona hata huko, basi huenda unaangalia akaunti nyingine. Yalinikuta kwa simu ya mama mkubwa. Nilimsafishia kwa kitufe hichohicho, kisha nikakuta simu ina Gmail yenye jina nisilolijua. Nikadhani ni ya muuzaji wa dukani, nikaitoa, nikamwekea anayoitumia siku zote. Google Photos ikawa tupu. Picha za harusi ya mwanawe zote zilikuwa zimekwenda kwenye ile akaunti niliyoitoa, ambayo kijana wa dukani alimfungulia siku aliponunua simu. Mwenyewe hakuwahi kuijua wala nenosiri lake.

Anza kwa kugusa picha ya wasifu juu kulia ndani ya Google Photos na kupitia kila akaunti iliyomo kwenye simu, moja baada ya nyingine. Kama akaunti yenyewe imeshatolewa, fungua ukurasa huu kwa simu ileile iliyokuwa nayo, maana Google hukuamini zaidi ukiwa kwenye kifaa ilichokizoea:

```
accounts.google.com/signin/recovery
```

Chagua Forgot email?, weka namba ya simu, kisha jina. Hapa ndipo tulipokwama. Jina lake kamili lilikataa mara mbili. Tukajaribu anavyoitwa mtaani, "Mama" na jina la mtoto wake wa kwanza, likakubali, kwa sababu ndivyo yule kijana alivyoandika. Msimbo ukaja kwa SMS kwenye laini yake. Bila laini ile tusingefika popote, kwa hiyo kama namba uliyosajilia imepotea, irudishe kwanza kwa mtandao wako. Baada ya kubadilisha nenosiri tulizikuta picha zote zimepangana kwa tarehe.

Ukishazipata, usifute chochote ndani ya Google Photos kwa nia ya kupunguza. Sasa hivi nakala ya akaunti ndiyo pekee uliyo nayo. Ukiifuta inaingia Trash, inakaa siku 60, kisha inaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo fungua Trash leo hii uangalie. Kama baada ya kusafisha kuna mtu aliyefuta zaidi, unagusa picha na kubonyeza Restore.

Kama kilichosafisha ni programu nyingine, mambo ni tofauti, kwa kuwa nyingi hazijali picha imepandishwa au la. Hapo angalia Trash ya galari na ya Files by Google, ambako picha hukaa siku 30. Picha za WhatsApp nazo mara nyingi hazipandishwi mpaka uliwashe folda lake mwenyewe. Kwa hizo nimefaulu zaidi kwa kuwaomba ndugu waliomo kwenye kundi la familia wazitume tena.

Zile programu zinazojinadi kurudisha kila kitu nimezijaribu. Zilichonionyesha ni vijipicha vya galari, vidogo, ukivikuza vinavurugika. Simu za sasa huficha data kwa msimbo, na nafasi ya faili lililofutwa husafishwa na hifadhi yenyewe. Memori kadi ni habari nyingine: itoe mara moja, usiandike kitu juu yake, ipeleke kwenye kompyuta yenye programu ya PhotoRec. Hapo nimeshuhudia picha zikirudi nzima.

Kuzishusha, hesabu bando kwanza. Picha 1,400 za MB 3 kila moja ni kama GB 4. Mama mkubwa nilimshushia zile za harusi tu kwenye simu, nyingine zote nikazitoa kwa takeout.google.com kwenye kompyuta ya ofisini na kuziweka kwenye flashi mbili, moja kwake na moja kwa binti yake.