Maswali na majibu: Ukishaiona asilimia, insha huisomi tena

Ripoti ya Turnitin, programu inayokagua kama insha imeandikwa na akili mnemba, imetoa 82%. Ina maana nina uhakika wa 82% kwamba kadanganya?

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Hiyo ni sehemu ya maandishi ambayo programu imeyaona yanafanana na ya akili mnemba, si uwezekano wa kosa. Soma maelezo ya ripoti kabla ya kumpeleka mtoto wa watu mbele ya kamati.

Nimesahihisha miaka 20. Mimi naangalia insha yenyewe, namba hainiyumbishi.

Mwaka 2006, mtafiti Itiel Dror na wenzake waliwapa wataalamu watano wa alama za vidole jozi ambazo kila mmoja aliwahi kusema zinalingana. Safari hii waliambiwa zinatoka kwenye kesi maarufu iliyokosewa. Wanne walibadili jibu, na wote walikuwa wazoefu.

Kwako inatokea hivi. Umeona 82%, unafungua insha. Aya ya kwanza haina kosa: "hii si lugha ya mwanafunzi." Aya ya tatu ina makosa mawili ya tahajia: "ameyatia makusudi ili kuficha." Mfano wa soko la kijijini kwao, ambao jana ungeupa alama, leo unauona wa jumla mno. Usafi ni ushahidi, uchafu nao ni ushahidi. Hapo jiulize: ni kitu gani ndani ya insha hii kingenifanya niseme ameandika mwenyewe? Ukikosa jibu, hukuwa unasahihisha.

Lakini Kiingereza chake ni chepesi na kinajirudia. Si dalili tosha?

Ni dalili ileile unayoihesabu mara mbili. Programu nyingi hushuku maneno yanayotabirika, na anayeandika kwa lugha ya pili au ya tatu huandika hivyo. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho, kwenye vigunduzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu zilidaiwa ni za mashine, ilhali ziliandikwa na watu. Wanafunzi wetu wengi wako kundi hilo.

Nimpe mwenzangu naye aihakiki?

Mpe insha tupu, bila ripoti na bila kumnong'oneza.

Mfumo unanionyesha asilimia papo hapo. Nifanyeje?

Mwombe msimamizi aifiche, au mtu mwingine akupakulie insha bila majina wala ripoti. Sahihisha kwa mwongozo, andika alama na sababu zake kwa kila kipengele, weka tarehe. Ndipo ufungue ripoti. Ukitaka kubadili alama baada ya hapo, onyesha mstari uliokubadilisha. Asilimia peke yake isiguse alama. Shaka ikibaki, mwite mwanafunzi aje na rasimu zake, umuulize kwa nini alichagua hoja ile. Na wewe uliyekwisha kuiona namba usiwe ndiye muulizaji pekee, kwa maana kigugumizi chake nacho utakisoma kama kukiri.